Wembamba wa Kasio

Katika tamthilia ya Shekspia inayosimulia kuuawa kwa Juliasi Kaizari, ile ya mwaka 1599, kuna kipande kifupi kwenye onyesho la pili la tendo la kwanza. Kaizari anatoka kwenye michezo, anamwona Kasio kwa mbali, anamvuta Antonio pembeni na kumnong'oneza kwamba yeye anapenda kuzungukwa na watu wanene, wale wanaolala usingizi usiku. Kasio hampendi. Kasio ni mwembamba, sura yake ina njaa, na anafikiri kupita kiasi. Antonio anamtuliza kwamba yule si mtu wa kuogopwa. Kaizari anabaki na neno lake: laiti angekuwa mnene zaidi.

Hapo juu nimeandika "mwembamba" kwa muda tu, kama mtu anayeweka jiwe kushikilia karatasi. Si kwamba naliamini. Kwa sababu ukikaa na kipande hicho ukajaribu kukisema kwa Kiswahili, utagundua kwamba lugha yetu ina maneno tele ya mtu asiye na nyama mwilini, na karibu yote yanakataa kumbeba Kasio. Yanakataa kwa sababu tofauti, na sababu hizo ndizo ninazotaka tuzitazame. Mwandishi anayezijua hatamwita mhusika wake kimbaumbau wakati anataka tumlilie.

Mwalimu Nyerere alikutana na kazi hii. Tafsiri yake ya tamthilia hiyo ilitoka mara ya kwanza mwaka 1963, kisha akairekebisha na kuitoa tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Sitapita mstari kwa mstari nikimsahihisha. Mwenye nakala aifungue. Nataka turudi nyuma ya tafsiri, pale mfasiri anapokaa na kalamu mkononi na maneno matano mbele yake.

Tuanze na hilo hilo "mwembamba". Hili ni neno la vipimo. Linasema upana wa kitu na halisemi zaidi. Tunasema barabara nyembamba, kitambaa chembamba, kamba nyembamba, hata sauti nyembamba. Mtu anapoitwa mwembamba, amewekwa kwenye orodha moja na barabara na kamba, na si tusi hata kidogo. Polisi akitangaza kwamba anamtafuta mtu mrefu, mwembamba, maji ya kunde, hajamsifu wala kumdharau. Ametupa umbo tu ili tumtambue.

Kwa kuwa lenyewe halina rangi, neno hili huchukua rangi ya jirani yake. Ukiliweka kwenye kiuno linageuka sifa. Kiuno chembamba ni uzuri, na mswahili akizidiwa atakwambia kiuno cha nyigu. Ukiliweka kwenye vidole linakuwa na adabu, vidole vya mtu wa kalamu au wa piano. Ukiliweka kwenye miguu, mambo yanaanza kuharibika. Ukibadilisha ngeli ya mtu mwenyewe ndiyo kabisa: "mtu mwembamba" na "kijitu chembamba" vina kivumishi kimoja, lakini yule wa pili umeshamdharau kabla hujafika kwenye wembamba wake. Kwa Kiswahili dharau nyingi hukaa kwenye ngeli, na anayetafuta kisawe kikali cha kivumishi mara nyingine anapoteza muda. Kiambishi kingemtosha.

Sasa "amekonda". Hapa ndipo waandishi wengi huteleza, maana kamusi ukiifungua haraka unaona "konda" na "embamba" kama ndugu wa tumbo moja. Si ndugu. Moja ni kivumishi na jingine ni kitenzi, na kitenzi kina historia. Ukisema mtu amekonda, ile "-me-" inasema kwamba kuna jambo limetokea na matokeo yake yapo mbele yetu. Maana yake zamani hakuwa hivi. Na maana ya hiyo nayo ni kwamba wewe unayesema ulimjua zamani, au umeambiwa, au unakisia kwa kutazama shati linalompwaya na mkanda uliotobolewa tundu jipya.

Kwa hiyo "amekonda" linamhitaji shahidi. Soma sentensi hizi mbili:

"Mlango ulifunguliwa, akatokea mwanamke mwembamba aliyejifunga kanga."

"Mlango ulifunguliwa, akatokea mwanamke aliyekonda, amejifunga kanga."

Kama msimulizi ni mgeni ambaye hajawahi kufika nyumba hiyo, sentensi ya kwanza iko sawa. Ya pili inanifanya nisimame. Amejuaje kwamba amekonda? Inawezekana ameona mitulinga imesimama, mashavu yamebonyea, pete inacheza kidoleni. Basi aniambie pete inacheza kidoleni, nami nitajua mwenyewe kwamba kidole hicho kilikuwa kinene wakati pete inanunuliwa. Lakini kama msimulizi ni mdogo wake aliyekuwa mjini miaka miwili, sentensi ya pili ndiyo ya kweli, na "mwembamba" lingekuwa kosa. Hakuna anayerudi nyumbani akamwona dada yake "mwembamba". Dada yake amekonda.

Kitenzi kina faida nyingine ambayo kivumishi hakina. Kinanyumbulika. Ongeza kauli ya kutendesha upate "kukondesha", na hapo hapo sentensi inadai mkosaji. Mawazo yamemkondesha. Ndoa imemkondesha. Mahakamani humwambii jaji neno hilo, ila kwenye hadithi umeshatoa hukumu kwa neno moja na msomaji anageuza shingo kumtazama mume. Sema "amekondeana" na umeongeza kiasi: huyu amekonda hadi mwili wote umeungana kukonda. Kivumishi kitakupa "mwembamba sana", basi, na "sana" ni neno lililochoka.

Lakini neno linalouliza "kwa nini?" hujibiwa na zama zake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, upande wa Rakai kule Uganda, watu waliona ndugu zao wakipukutika mwili kwa ugonjwa wasioujua. Wakauita kwa neno la Kiingereza la wembamba, lile lile ambalo kwa Waingereza ni neno la sifa, la warembo na matangazo ya nguo. Waganda wakalitamka siliimu. Mpaka leo kwa Kiganda siliimu ni ukimwi. Fikiria safari ya neno hilo: limeondoka kwao likiwa pongezi, likafika ukingoni mwa ziwa likawa jina la kifo. Upande wetu wagonjwa wa kwanza walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na tangu hapo "amekonda" likaanza kusemwa kwa sauti ya chini. Kabla ya hapo ungeweza kumwambia mtu amekonda na ukamaanisha kazi nyingi, mapenzi, mtihani wa kidato cha nne. Baada ya hapo, neno lilijibiwa kabla halijaulizwa. Aliyesikia alitikisa kichwa na kubadili mazungumzo.

Sisi wa magazeti tulilijua hilo na tulilitumia, wengine kwa makusudi. Huwezi kuandika kwamba mtu fulani mashuhuri ni mgonjwa bila ushahidi, lakini unaweza kuandika kwamba "alionekana amekonda" halafu ukaweka picha. Hakuna atakayekushtaki. Msomaji amekamilisha habari mwenyewe. Ninapoona mwandishi wa riwaya inayotokea Bukoba au Dar es Salaam ya miaka ya 1990 anasema mhusika wake "amekonda" na kuendelea na safari zake kama si kitu, najua hakuisikia Bukoba ya miaka hiyo. Majirani wa mhusika wangekuwa wameshamzika kwa maneno. Tangu dawa za kufubaza virusi zianze kutolewa bure mwaka 2004, mwili haukuwa ushahidi tena, na neno limepoa kidogo. Leo mjini, kwa watu wa mazoezi na chakula cha mpangilio, ukitaka kumpongeza mtu unamwambia "umepungua". Sikiliza walivyolikwepa. Ni mabadiliko yale yale, "-me-" ile ile, lakini kupungua ni habari ya mizani, na konda bado ni habari ya uchungu. Shangazi wa kijijini, hata hivyo, ukimpelekea kupungua kwako atakuuliza unaumwa nini, mwanangu.

"Kimbaumbau" ni mtaa mwingine kabisa. Hili ni neno la utani, na utani wake uko masikioni kwanza. Litamke uone linavyoruka. Wale waliokua uswahilini wanajua huongezewa "mwiko wa pilau", na mtoto aliyeitwa hivyo hana pa kujificha. Neno hili halina uchunguzi wala huruma. Halijali kama ulikuwa mnene jana. Linaona fito, linacheka. Ndiyo maana linafaa kwenye midomo ya wahusika na linaharibu likiwa kwa msimulizi, isipokuwa msimulizi mwenyewe ni mcheshi wa mtaani na tunajua hivyo tangu ukurasa wa kwanza. Wenzetu vijana sasa wanasema "modo", nalo limetoka kwa wanamitindo, hivyo lina pongezi ndani yake. Kimbaumbau na modo wanaweza kuwa na kilo zile zile. Tofauti ni nani anawatazama na anataka nini kwao.

Mwisho kabisa wa njia yuko "gofu la mtu". Gofu ni jengo lililobaki kuta: paa limekwenda, milango imekwenda, mti umeota ndani. Pwani tunayo magofu ya kweli, Kilwa Kisiwani na Gedi, watu wanalipa kiingilio kuyaona. Kumwita mtu gofu ni kusema kwamba palikuwa na nyumba hapa, yenye watu na taa, na kwamba ukubwa wa zamani bado unaonekana kwenye mabaki. Kwa hiyo gofu hawi mtu yeyote tu aliyekonda. Lazima awe alikuwa jengo. Mzee aliyekuwa mbeba magunia bandarini anaweza kuwa gofu. Kijana aliyezaliwa mwembamba na akaugua hawezi, hata akibaki mifupa. Huyo atakuwa amekonda kama ng'onda, samaki aliyepasuliwa akakaushwa juani, na ng'onda hana utukufu wa zamani, ana chumvi tu. Mifano yote miwili inasema kukonda kupita kiasi. Mmoja unakumbuka, mwingine unaona mwili umekuwa kitu cha sokoni.

Haya, turudi Roma na maneno yetu.

Kasio "mwembamba" anapita, lakini anapita bila kutisha. Kaizari atasikika kama yule polisi wa tangazo. Hatutaelewa kwa nini mtawala wa dunia anamvuta rafiki yake pembeni kwa sababu ya vipimo.

Kasio "amekonda" ni balaa. Kwanza tutauliza ameanza lini, na tamthilia haina jibu, maana haisemi kwamba Kasio alibadilika. Ndivyo alivyo. Pili, huruma itahamia kwake. Mtazamaji wa Dar atamwona mtu mwenye matatizo, na Kaizari atakuwa bosi asiye na utu anayemsema mgonjwa. Ni kinyume cha kinachotakiwa.

"Kimbaumbau" litaleta kicheko ukumbini, na Kaizari akishacheka hana hofu. Gofu hatulihitaji hata kulijaribu. Gofu halimchomi mtu kisu.

Tatizo la ndani zaidi ni kwamba Kaizari anasimama upande ambao siasa zetu hazikumzoea mtawala mwema kusimama. Yeye anawaamini wanene. Sisi, hasa katika miaka ile ile tafsiri ilipokuwa inarekebishwa, tulifundishwa kumwogopa mnene. Azimio la Arusha lilikuwa la 1967. Kwenye vikaragosi bepari alikuwa na kitambi na sigara nene, mnyonyaji alikuwa kupe aliyejaa damu, na mwembamba alikuwa mkulima, mnyonge, mwenye haki. Mwalimu alilijua vizuri suala la rangi za maneno. Mwaka huo huo wa 1969 ilitoka tafsiri yake ya tamthilia ya mfanyabiashara wa Venisi, na hakuiita kwa jina la mfanyabiashara. Aliwaita mabepari, kwa wingi. Angeweza kusema wachuuzi, matajiri au wafanyabiashara. Alichagua neno lenye upande. Kwa msomaji wa wakati huo, basi, Kaizari anayetaka wanene wamzunguke alikuwa ameshajishtaki mwenyewe, na Kasio, hata akiwa na njama, alikuwa na mwili wa wananchi. Hapo hakuna kisawe kitakachookoa. Maana imebadilishwa na ukumbi wenyewe.

Halafu kuna njaa. Kaizari anaiona kwenye sura ya Kasio, na njaa hiyo ni ya madaraka. Kwa Kiswahili cha mitaani, mtu "mwenye njaa" ni yule anayeuza kura yake kwa kofia na fulana. Ni mtu mdogo, ananunulika. Kasio hanunuliki. Magazeti yetu yana maneno "uchu wa madaraka", na uchu ni mzuri kwa kuwa asili yake ni hamu ya kitoweo, mtu aliyekula ugali mkavu siku nyingi. Ila ukiupeleka machoni, ukasema Kasio ana "macho ya uchu", ukumbi utadhani anamtamani mke wa Kaizari. Uchu ubaki kwa madaraka, ukitajwa hivyo hivyo kwa jina lake, na macho tuyatafutie neno jingine.

Neno ninalolipigia kura ni "mkavu". Tunasema mtu ana mwili mkavu tukimaanisha hana mafuta, ana mishipa na mifupa iliyokaza, bila kumtangaza kuwa mgonjwa. Tunasema pia macho makavu, na hapo tumefika kwenye tabia: asiyeona haya, asiyepepesa. Na mtu mkavu kwa ujumla ni yule usiyemchekesha. Sasa angalia Kaizari anachoendelea kulalamika katika kipande kile kile: Kasio hapendi maigizo, hasikilizi muziki, hutabasamu kwa nadra. Huo ni ukavu mtupu. Neno moja linaunganisha mwili na malalamiko yanayofuata, na hofu ya Kaizari inapata mantiki: mwili usio na mafuta, uso usio na kicheko, jicho lisilo na haya. Plutarki, ambaye Shekspia alimtegemea kwa kisa hiki, anasimulia kwamba Kaizari hakuwahofia wanene wenye nywele ndefu bali wale wembamba waliopauka, yaani Bruto na Kasio. Kupauka, kwetu, ni kazi ya ukavu. Ngozi isiyopakwa mafuta hupauka.

Silisemi kama neno lisilo na kasoro. Kuna watu wanamwita mkavu yule mchekeshaji anayesema jambo la kuchekesha huku uso umetulia, na mwigizaji asiyejua anachofanya anaweza kuwaangusha huko. Halafu ukavu hauonekani kwa mbali kama unavyoonekana wembamba, na Kaizari anamtazama Kasio kwa mbali. Kwa hiyo mimi ningetumia yote mawili: wembamba kwa jicho, mara moja, kisha ukavu kwa hofu. "Mwembamba yule, mkavu." La kwanza linatuonyesha mtu, la pili linatuambia kwa nini usingizi hauji.

Na hilo la mara moja nalisisitiza, kwa sababu ugonjwa wa pili wa maelezo yetu ya watu ni kurundika. Mwandishi hana hakika na neno, basi anayatia yote: mwembamba, aliyekonda, gofu la mtu, mifupa mitupu. Sentensi kama hiyo ina macho manne yanayotazama kutoka pande nne. La kwanza halimjui mtu huyu, la pili lilimjua mwaka jana, la tatu lilimjua enzi zake, la nne liko kwenye jeneza. Msomaji hajui asimame na nani.

Kaizari alijua anasimama wapi. Alimwona mtu asiyecheka na hakumhurumia wala kumtania. Aliogopa, na hakukosea. Mfasiri akimpa neno la huruma, tamthilia nzima inaanza na mtawala mjinga. Akimpa neno la hofu, inaanza na mtu aliyeiona hatari yake kwa macho, akaisema kwa kinywa chake, kisha akakubali kutulizwa.